Jinsi ya Kuisoma Barua ya Mahitaji

Ndugu zetu wa kidato cha kwanza hupokea barua yenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza huwapongeza kwa kupata nafasi katika shule yetu, na huo ndio husomwa kwa sauti kubwa nyumbani, mbele ya bibi na majirani. Ukurasa wa pili una vitu 31 vya kununuliwa, nao husomwa kimya kimya, usiku, na mzazi mmoja aliye na kalamu mkononi. Mimi nataka kusema juu ya huo wa pili. Wazee waliopita shuleni hapa zamani wataniwia radhi kama wataona ni jambo dogo. Huenda siku zao orodha ilikuwa fupi zaidi.

Barua ile haina uwongo. Hakuna kitu kilichoandikwa humo ambacho hakitakiwi. Ila haisemi kitu gani kitangulie. Aliyeipanga alivifuata vyumba vitakavyopokea vitu hivyo: kwanza vya darasani, yaani rimu ya karatasi, madaftari, mkebe wa hesabu na kamusi, kisha vya usafi, yaani mafagio, fyekeo, na karatasi za chooni, kisha viatu na soksi, na mwisho kabisa vya bweni. Kwa watu wa ofisi mpango huo wafaa sana. Kwa mzazi ambaye pesa zake hazitoshi ni mtego, nami naujua kwa sababu niliingia ndani yake.

Nilipokuwa naanza kidato cha kwanza, mama alikuwa akiuza ndizi katika soko la Nakawa. Siku tatu kabla ya kufungua tulikwenda Kikuubo, kile kichochoro cha maduka ya jumla karibu na kituo cha zamani cha teksi, mahali ambapo mtu hatembei bali husukumwa. Mama alikuwa ameikunja barua ndani ya kitambaa. Alikuwa akiifungua kwa kila duka, anasoma nambari, ananunua, anapiga alama, anaikunja tena. Nambari ya kwanza, rimu. Nambari ya pili, madaftari 12. Aliifuata orodha kama mtu anayefuata ngazi, asiruke hata kidato kimoja, kwa maana aliamini kwamba shule imeandika kwanza lililo kubwa. Tulipofika nambari ya 24 alihesabu noti zilizobaki, akanitazama, akazihesabu tena. Zilikuwa nauli. Godoro lilikuwa nambari ya 26, blanketi nambari ya 27, chandarua nambari ya 28.

“Utakwenda hivyo hivyo, mwanangu,” aliniambia. “Godoro litakufuata.”

Basi niliingia bwenini nikiwa na rimu ya karatasi, mafagio mawili, fyekeo jipya na karatasi za chooni 10, wala sina pa kulala. Usiku ule nilitandika shuka juu ya nyaya za kitanda na kuvaa sweta juu ya sweta. Nyaya hazina huruma. Asubuhi mgongo wangu ulikuwa na mistari kama daftari. Usiku wa pili mvulana wa kitanda cha juu, mtu wa Arua, ambaye tulikuwa hatujazungumza hata mara moja, aliniteremshia blanketi lake bila kusema neno. Godoro lilifika Jumamosi ya pili. Mama alilileta kichwani toka barabarani, na hata leo siwezi kusema alilipata kwa fedha gani.

Mwaka huu mdogo wangu alipata barua ile ile. Nilimwomba mama anipe ukurasa wa pili kabla hatujatoka nyumbani, nikachukua penseli, nikaandika herufi moja kando ya kila kitu. L kwa kitu kinachoulizwa langoni. U kwa kitu kinachotakiwa usiku wa kwanza. B kwa kitu kinachoweza kuja baadaye. Nilipomaliza kulikuwa na L 9, U 13 na B 9. Nasema habari hii kwa kirefu kidogo kwa ajili ya wale watakaokuwa na mdogo wao mwaka ujao.

Fungu la lango ndilo linalorudisha watu nyumbani. Karatasi zenyewe ni chache: barua ya nafasi, karatasi ya majibu ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, picha za pasipoti, stakabadhi ya ada, na fomu ya daktari. Stakabadhi yataka kuangaliwa kabla ya kuondoka benki, kwa maana kila mwanafunzi ana nambari yake ya malipo, na tarakimu moja ikikosewa fedha huingia katika hesabu ya mtoto mwingine. Soma jina lililopigwa juu ya stakabadhi. Kama si lako, sema hapo hapo dirishani.

Lakini fomu ya daktari ndiyo iliyowatoa wengi machozi. Huonekana nyepesi, kwa hiyo huachwa mpaka siku ya mwisho, na siku ya mwisho huwa Jumapili, daktari hayupo. Au hujazwa vizuri kisha ikakosa muhuri wa hospitali, na langoni muhuri ndio unaotazamwa kwanza. Ifanye iwe kazi ya siku ile ile barua inapofika. Tena usifiche kitu ndani yake. Fomu inauliza habari za pumu, kifafa, seli mundu, na vyakula au dawa zinazomdhuru mtoto, na wazazi wengine huandika “hapana” kila mahali kwa kuogopa kwamba mtoto atakataliwa. Katika bweni letu alikuwako mvulana mwenye pumu ambaye fomu yake ilisema ni mzima. Jumamosi moja tulifagia chini ya vitanda vyote, vumbi likajaa, na usiku akaanza kuvuta pumzi kwa shida. Pampu yake ya dawa alikuwa ameifungia chini ya sanduku, aibu ikimzuia kuionyesha, na muuguzi alipofika hakujua anatafuta nini. Tulivunja kufuli. Alipona, lakini dakika zile za kutafuta nyundo zilikuwa ndefu.

Vitu vya lango ambavyo si karatasi, kama rimu, mafagio na sehemu ya karatasi za chooni, huchukuliwa na shule siku ile ile. Kwa hiyo vitiwe katika mfuko wa peke yake. Kila mwaka namwona mzazi amepiga magoti juu ya changarawe, anafukua sanduku lote kutafuta rimu iliyo chini kabisa, na mashati meupe yanaruka juu ya vumbi.

Sasa fungu la usiku wa kwanza. Hili ndilo lililotakiwa kununuliwa mwanzo, hata kabla ya daftari moja, maana daftari huweza kuazimwa ukurasa lakini godoro halina ukurasa.

Barua yetu inasema godoro la futi mbili na nusu kwa sita, unene inchi 4. Watu hudhani kwamba hizo inchi 4 ni umaskini wa shule, nao wakipata nafasi hununua la inchi 6 au 8 ili mtoto astarehe. Vitanda vyetu ni vya ghorofa. Kile cha juu kina chuma cha kumzuia mtu asianguke, na chuma hicho kimepimwa kwa godoro jembamba. Weka juu yake godoro la inchi 8, na aliyelala anakuwa sawa na chuma au juu yake, na akijigeuza usingizini hakuna kinachomshika. Mwenzetu mmoja alianguka hivyo katika wiki ya tatu, akavunjika mfupa wa bega. Inchi 4 ndizo zinazofaa. Kinachotazamwa ni uzito wa sponji. Bonyeza katikati kwa goti, si kwa kidole. Uhesabu polepole mpaka tano, uondoe. Likirudi upesi na kuwa sawa, ni zuri. Likibakiza shimo, litakuwa kama chapati kabla ya muhula kwisha. Mwuzaji aliyetuona tunapiga goti juu ya magodoro yake alikasirika kidogo. “Sebo, unanunua au unasali?” akaniuliza. Tulinunua la tatu. Kisha pima upana kwa utepe mwenyewe, maana la futi tatu lililokunjwa haliko mbali na la mbili na nusu kwa macho, na kitandani haliingii.

Chandarua chataka neno pia. Madukani vipo vya duara vinavyoning’inia kwa kamba moja, na vipo vya pembe nne. Cha duara ni kizuri juu ya kitanda kikubwa nyumbani. Juu ya kitanda chembamba cha shule kinamwangukia mtu pande zote, na mbu humuuma mkono unaogusa wavu kutoka nje. Cha pembe nne kinafungwa juu ya vyuma vya kitanda na kubaki mbali na mwili. Barua haitaji kamba. Chukua vipande vinne vya mita mbili mbili, na utakuwa mtu mwenye rafiki wengi usiku wa kwanza. Kama kina dawa na ni kipya, kitandaze kivulini siku moja kabla ya kukitumia, na ukikifua usikianike juani, kwa maana jua huidhoofisha dawa.

Sanduku la bati lipo katika kila orodha, na wengi hulitazama rangi. Yafaa kutazama bawaba. Sanduku jepesi limeungwa kwa misumari myembamba ambayo mtu aking’oa kwa ncha ya kisu hufungua upande wa nyuma, kufuli likiwa limefungwa vizuri upande wa mbele. Mafundi wa Katwe na Kisenyi wanajua kuzipigilia ribiti za bawaba kutoka ndani ukiwaomba, na hiyo ndiyo njia. Kisha nenda na kufuli dukani ulijaribu katika pete ya sanduku. Mwaka wangu wa pili nililetewa kufuli kubwa la kutisha wezi, na lisiingie katika tundu. Kufuli huja na funguo mbili au tatu. Mmoja uvaliwe shingoni, mwingine apewe mlezi wa bweni ndani ya bahasha yenye jina, wa tatu ubaki nyumbani. Anayezifunga zote katika kamba moja anazipoteza zote mara moja, na viranja wanajua vizuri sauti ya kufuli linalopigwa kwa jiwe saa moja asubuhi.

Vilivyobaki katika fungu hili navipita upesi: mashuka ya rangi iliyoandikwa katika barua, blanketi, sahani, kikombe, kijiko, beseni, jerikani, kandambili, sabuni, mswaki. Kila kimoja kitiwe jina kabla ya kutoka nyumbani. Wino wa shuka hufifia. Uzi wa rangi nyingine ulioshonwa pembeni haufifii. Sahani ya bati hutobolewa herufi kwa msumari ukingoni, na beseni la plastiki huandikwa kwa msumari wa moto. Siku ya kwanza kuna mabeseni ya buluu zaidi ya arobaini katika bweni moja.

Fungu la baadaye ndilo linalomwokoa mzazi, na ndilo lisilojulikana. Orodha yote imeandikwa kana kwamba kila kitu kitaingia siku ya kwanza. Lakini kuna siku ya wazazi kututembelea, nayo huwa katikati ya muhula. Tena wa kidato cha kwanza huingia baada ya madarasa mengine, kwa sababu hungoja majibu na kuchaguliwa. Mwaka huu walikaa wiki 11 tu. Kwa hiyo vile vinavyotumika mpaka vikaisha vyaweza kuletwa nusu nusu.

Tulifanya hesabu pamoja na mdogo wangu mezani. Barua ilisema sukari kilo 2. Kijiko kikubwa kilichosawazishwa huchukua kiasi cha gramu 12 na nusu. Vijiko viwili kwa siku katika uji ni gramu 25, na kilo moja yatosha siku 40. Siku ya wazazi ilikuwa siku ya 37. Basi kilo moja ilitosha kwanza, na kilo ya pili ilingoja. Sabuni, miche 3. Mche mmoja tuliukata vipande 8, kipande kimoja kwa kufua nguo za wiki, tukachukua mmoja. Vipande vile tulivianika kivulini wiki nzima, kwa maana sabuni iliyokauka haiyeyuki upesi majini kama ile mbichi ya dukani. Kamusi, jozi ya pili ya mashuka, pasi ya makaa na vitu vingine vya namna hiyo vilingoja pia. Ninakiri kwamba hesabu hii ina adui mmoja, nao ni ukarimu. Wiki ya kwanza kila mtu huomba sukari kwa kila mtu, na kijiko kinachoombwa hakisawazishwi kamwe. Mdogo wangu nilimwambia aiweke kilo ile katika makopo mawili, na la pili asilifungue kabla ya wiki ya nne.

Chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo kuliko zote, yameandikwa yasiyoruhusiwa: simu, mshumaa, kiberiti, waya wa kuchemshia maji, pasi ya umeme. Wageni hudhani simu ndiyo kubwa, kwa kuwa ndiyo inayotafutwa sana. Mimi nasoma zile nne nyingine. Mwezi wa Aprili 2008 bweni la shule ya msingi ya Budo liliungua usiku wakafa watu wapatao 20, wengi wao watoto wa kike. Mwezi wa Oktoba 2022, katika shule ya wasioona ya Salama, wilaya ya Mukono, moto wa bwenini uliua watu 11. Sisemi chanzo kilikuwa nini huko. Nasema tu kwamba bweni limejaa sponji, vyandarua na mashuka, vitanda vimekaribiana, na moto ukishika katika kimoja hauulizi cha nani. Mimi ni kiranja, nami nimekwisha kunyang’anya waya wa kuchemshia maji mara nne. Kila mara mwenyewe aliniambia alikuwa anataka chai tu. Kama unapenda chai, nunua chupa ya chai, jikoni watakujazia.

Basi tulikwenda Kikuubo tena, mama, mdogo wangu na mimi, mapema, kabla ya saa moja na nusu asubuhi, maduka yakiwa yanafunguliwa. Vitu vinavyotakiwa na shule yoyote, kama sahani na beseni, tulikuwa tumevinunua tangu Desemba, wakati bei haijapanda. Tulianza na U. Godoro la kwanza kabisa. Mama alipiga alama juu ya nambari ya 26 huku nambari ya kwanza ikiwa bado safi, nikaona mkono wake unasita, kama mtu anayeingia nyumba ya watu kwa mlango wa nyuma. Kisha tukafanya L. Pesa zilikwisha katikati ya B, kama tulivyotazamia, na fyekeo halikupatikana. Lilikuwa la lango. Hatukungoja siku ya kufika; mama alikwenda shuleni Ijumaa akamweleza mhasibu, naye akaandika juu ya barua kwa kalamu nyekundu kwamba litaletwa siku ya wazazi. Ukisema kabla, hukaa hivyo. Ukisema langoni, nyuma yako kuna gari hamsini zinapiga honi.

Siku ya kufungua nilisimama langoni na beji yangu, nikakagua sanduku la mdogo wangu kama la mtu mwingine yeyote. Kila kitu kilikuwapo. Niliona amefunga kamba nane badala ya nne, nikamwuliza za nini.

“Nne za mtu, kaka,” akasema.

Siku ya wazazi ilipofika alimkabidhi mama orodha yake mwenyewe, aliyoiandika kwa penseli. Ilikuwa na vitu vitano. Sukari ilikuwa ya pili. Nambari ya kwanza ilikuwa kandambili, kwa maana zile za kwanza, pamoja na jina lake na msumari wa moto na yote niliyomfundisha, zilikuwa zimetembea peke yake toka bafuni katika wiki ya pili, wala hazijarudi.